Dambeli za kilo 5 tu: marudio, seti, mwendo wa polepole au kushuka chini zaidi?

Kijana wa Ihumwa
Wadau wa tizi, habari za jioni. Kazi yangu iko Mtumba, nimepanga Ihumwa, na jimu za mjini kwangu ni nauli juu ya nauli. Ninazo dambeli mbili za kilo 5 kila moja na stuli ya mbao. Vyuma vizito mwaka huu sinunui.

Tatizo ni miguu. Nikizishika zote mbili nachuchumaa na kusimama mpaka mara 40, na kinachonisimamisha ni pumzi, mapaja bado yana nguvu. Nataka mapaja yakue. Nianze na lipi: kuongeza marudio, kuongeza seti, kushuka polepole, au kushuka chini zaidi? Nalinganishieni, jibu la "fanya zote" silitaki.

Mzee wa Zabibu
Polepole, kijana. Sekunde 10 kushuka, sekunde 10 kupanda. Msuli haujui kilo, unajua umebeba kwa muda gani. Nafanya hivyo na uzito wa mwili peke yake, na miguu inatetemeka kila siku.

Binti Kondoa
Mimi ninazo za kilo 2. Nikifanya marudio mengi kitambi kitaondoka?

Kocha Nzuguni
Binti Kondoa, kitambi kinaamuliwa zaidi na sahani kuliko dambeli. Mada hapa ni kukuza misuli, ila za kilo 2 nitazirudia.

Shikamoo mzee wa Zabibu. Nusu ya maneno yako nakubali. Kushuka polepole kunasaidia, lakini sekunde 10 ni nyingi mno. Tafiti zilizolinganisha kasi zimeonyesha kwamba rudio zima likichukua kati ya nusu sekunde na sekunde 8 hivi, msuli unakua karibu sawasawa, mradi seti iishie karibu na kushindwa. Ukivuka hapo, huwa inabidi upunguze mzigo au marudio yaanguke sana. Kutetemeka nako si kipimo. Hata ukisimama umekunja magoti dakika 2 utatetemeka.

Kijana, mzigo mwepesi unakuza. Hata theluthi ya uzito wa juu kabisa unaouweza kunyanyua mara moja inatosha, ila seti lazima ifike mahali ambapo yamebaki marudio 1 hadi 3 tu ya kuweza. Marudio yakipita 30 hivi, pumzi na kuungua vinakusimamisha kabla ya msuli. Ndicho kinachokupata kwenye 40. Kwa hiyo kuongeza marudio kwenye zoezi hilohilo nakuondolea. Kuongeza seti nako kunaongeza kazi, lakini dambeli inabaki nyepesi vilevile. Ukiwa na seti 6 za kuhema, umepata kuhema mara 6.

Kwako ningeanza na kina, tena kwa mguu mmoja. Weka mguu wa nyuma juu ya stuli, dambeli moja kila mkono, shuka mpaka goti la nyuma liguse kanga iliyokunjwa sakafuni. Sasa paja la mbele linabeba sehemu kubwa ya mwili wako pamoja na zile kilo 10, na linafanya kazi likiwa limevutika. Hapo ndipo penye faida, na ndipo watu wanapopakwepa.

Kijana wa Ihumwa
Nimejaribu sasa hivi, kocha. Nimefika 13 kwa mguu wa kulia. Wa kushoto 11 tu. Niandikeje?

Kocha Nzuguni
Anza na wa kushoto kila seti, halafu wa kulia usizidishe hapo. Chukua daftari, andika vitu vitatu: marudio, sekunde za kushuka, na goti limegusa au halijagusa. Rudio ambalo goti halikugusa kanga halihesabiwi. Ukiona umeruka kutoka 12 hadi 19 ndani ya wiki moja, usishangilie, jirekodi kwa simu kutoka ubavuni. Mara nyingi kina kimepungua.

Fanya seti 3, mara 2 kwa wiki. Ukifikisha 20 kwenye seti zote 3 kwa kila mguu, badilisha kitu kimoja. Kwanza mwendo: shuka kwa sekunde 3, tulia sekunde 1 pale chini bila kulaza goti kwenye kanga, panda kawaida. Labda utaangukia 13 au 14. Hujarudi nyuma, umebadilisha zoezi, kwa hiyo fungua ukurasa mpya na usilinganishe na ule wa zamani. Panda tena hadi 20.

Kisha weka mguu wa mbele juu ya ubao imara wa unene wa sentimita 5 hadi 10, goti la nyuma lishuke zaidi. Marudio yataanguka tena. Seti ya 4 naiweka mwisho, wakati marudio yamekwama wiki 2 au 3 na unalala na kula vizuri. Ukibadilisha mwendo, kina na seti siku moja, hutajua kipi kimekusukuma na kipi kimekuumiza.

Mzee wa Zabibu
Marahaba. Lakini hiyo sekunde 1 ya kutulia chini kwa goti langu ni sumu. Mimi kina sikitaki.

Kocha Nzuguni
Mzee, goti likiuma punguza kina mpaka pale lisipouma, weka mto mnene badala ya kanga, kisha upunguze unene wake taratibu. Likivimba au likikukwama, nenda hospitali.

Lita Ishirini
Mnahangaika bure. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na ushee. Kila nyumba Dodoma inalo.

Kocha Nzuguni
Kweli, na kwa mgongo ningelitumia hata leo, maana kuvuta dambeli ya kilo 5 kuelekea kiunoni hakuna kina kitakachookoa. Kwa skwati ya mguu mmoja dumu linayumba na mshikio unakata vidole kabla paja halijachoka. Pia, anayetaka kunyanyua kitu kizito sana mara moja atahitaji kitu kizito. Mzigo mwepesi unakuza msuli, ila nguvu ya namna hiyo unaijenga kidogo kuliko vyuma vizito.

Binti Kondoa, zamu yako. Ukiinua kilo 2 pembeni umesimama, mkono ukiwa chini mzigo hauna kazi, uzito unauhisi juu tu, halafu unaanza kuubembeza kwa kiuno. Lala ubavu, mkono wa juu ukiwa umelala kando ya mwili, kisha inua mpaka karibu uelekee dari. Sasa kilo zilezile 2 ni nzito kuanzia mwanzo, bega likiwa limevutika. Shusha kwa sekunde 3.

Binti Kondoa
Nimeweza 9 😂 Nikisimama nafanya 30. Je, kuishia nusu ya chini tu kunafaa? Nimeona watu wanafanya hivyo.

Kocha Nzuguni
Baadhi ya tafiti zinaonyesha nusu ya chini inakuza sawa na mwendo mzima au kidogo zaidi, lakini si kwa kila msuli. Mimi naitumia mwisho wa seti, pale mwendo mzima unapokataa: ongeza 3 au 4 za nusu, uandike kando.

Mzee wa Zabibu
Na mimi nabaki na sekunde 10.

Kijana wa Ihumwa
Mzee, shuka kwa sekunde 5 seti moja, uone marudio yanafika wapi kabla paja halijakataa. Mimi Jumatatu naanza na kanga, mguu wa kushoto kwanza. Kocha, kupumzika kati ya seti ni muda gani?

Kocha Nzuguni
Dakika 2, kila baada ya miguu yote miwili. Ukiona bado unahema, ongeza ya tatu.