Ushauri: hisa yangu imechora kikombe na mkono, niingie sasa au nisubiri ivunje?

MgeniSokoni:
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana nashindwa kulala. Kuna hisa ya Marekani ya kampuni ya vifaa vya hospitali naifuatilia tangu mwezi wa nne. Ilikuwa dola 50, ikashuka, ikazunguka chini huko taratibu, ikapanda mpaka 49, jumla wiki 22. Sasa inatengeneza mkono, siku ya nane leo, imeshuka mpaka 44.5 ikarudi kidogo. Kina cha kikombe ni kama asilimia 25. Kwa macho yangu kikombe kimekamilika kabisa. Swali langu, ninunue humu humu kwenye mkono kwa bei nafuu au nisubiri ivuke 49? Leo saa 3 asubuhi nimeona inashuka tena, roho juu.

DhahabuTu:
Mkuu mimi nakiona kikombe kama hicho kwenye XAUUSD kila wiki, dakika 15. Mkono ukikamilika naingia na volyumu ikiwa ndogo. Wiki iliyopita nimepiga vizuri tu, sema juzi ikanirudisha nyuma yote. Ingia na loti ndogo.

BabuChati:
@DhahabuTu volyumu unayoiona kwenye dhahabu ya broka wako ni hesabu ya bei imebadilika mara ngapi kwenye mtambo wake, sio kiasi halisi kilichouzwa duniani. Usimchanganye kijana.

@MgeniSokoni umbo umelieleza, la maana umeliacha. Kila siku ya mkono zimeuzwa hisa ngapi, na wastani wake wa siku 50 ni ngapi? Halafu bei ya chini kabisa ya kikombe ni ipi?

MgeniSokoni:
Asante mzee wangu. Chini ni 37.5. Volyumu ni ya kawaida tu, sio mbaya. Ninachotaka kujua zaidi ni bei ya kuingilia.

BintiMgombani:
Mimi niliwahi kushika hisa moja pale DSE, nikaambiwa volyumu ikikauka kwenye mkono ni dalili nzuri. Ikakauka kweli, ikaendelea kukauka miezi saba, siku nyingine hata hisa moja haiuzwi, nilipotaka kutoka hakuna mnunuzi. Mpaka leo sisadiki hayo mambo ya kukauka.

BabuChati:
Dada uko sahihi nusu. Kukauka kuna maana pale tu ambapo hisa kwa kawaida inauzwa kwa wingi. Kama mto hauna maji mwaka mzima, utajuaje kiangazi kimeanza? Hii ya kijana ni ya New York, ina watu, ndiyo maana namuuliza namba na yeye ananipa "kawaida".

Mchungu:
Subirini kwanza. Soko la New York linafunguliwa saa kumi na nusu jioni, yeye saa 3 asubuhi ameona nini kinashuka? Hii ni chai, na kikombe tayari kipo 😂

BintiMgombani:
Ee kweli, na jina la hisa hataji. Kuna watu wanatunga uzi wapate wafuasi, kesho utasikia jiunge na grupu la signo kwa elfu hamsini.

DhahabuTu:
Nilijua tu.

MgeniSokoni:
Jamani sio chai, niko Dallas. Saa 3 asubuhi ya hapa, New York ni saa 4, soko lina nusu saa tangu lifunguliwe. Jina sitaji kwa sababu sitaki mtu anunue kwa ajili ya uzi wangu. Namba hizi hapa: wastani wa siku 50 ni hisa laki 8 kwa siku. Kwenye mkono siku tatu zilizoshuka zilifika milioni 1.2, zilizopanda ziko laki 6 hivi.

Na nikiri, nimeshanunua. Hisa 120 kwa 47, juzi. Sehemu ya hela ni ada ya chuo ya mdogo wangu, inatakiwa Novemba. Ila sikuingia kichwa kichwa, mkono uko juu kabisa ya nusu ya kikombe na umeshuka asilimia 9 tu, vitabu vinakubali.

Mchungu:
Dallas sawa, nimefuta chai. Ila ada ya mtoto wa watu kaka? Mama yako anajua?

BabuChati:
Tuache ada kwanza. Hiyo 37.5 umeitoa kwenye chati ya mstari, yaani bei za kufungia wiki. Weka kendo, uangalie utambi wa chini unafika wapi.

MgeniSokoni:
Nimeweka. Kuna wiki iligusa 31 ikafunga 37.5.

BabuChati:
Basi kina chako sio 25, ni 38. Mzee William O'Neil aliyeueneza muundo huu aliweka kikombe cha kawaida kati ya asilimia 12 na 33, na kwamba hisa nzuri ikishuka sana isizidi kama mara mbili na nusu ya soko lenyewe. Umesema mwezi wa nne, angalia S&P 500 kipindi kile ilishuka kiasi gani. Kama ni 10, basi 25 ingepita, 38 haipiti. Na sio ushabiki wa namba. Kutoka 31 kurudi 50 lazima ipande asilimia 61, na njia nzima hiyo imejaa watu walionunua juu wakanasa, wanangoja bei irudi wajitoe.

Hapo ndipo mkono unapofanya kazi. Bei ikikaribia 50 walionasa wanauza, inateremka kidogo. Wakiwa wameisha, bei inashuka huku hisa zinazouzwa zinapungua, kwenye yako ningetegemea laki 4 au 5. Wewe siku za kushuka ndizo nzito na za kupanda ndizo nyepesi. Anayeuza bado yupo na ana mzigo mkubwa.

MgeniSokoni:
Lakini mzee, moja ya hizo siku tatu ni Ijumaa ya tatu ya mwezi huu wa tisa, siku ya opsheni kuisha. Volyumu ilipanda kila mahali.

BabuChati:
Hoja nzuri, hiyo itoe. Zinabaki mbili, na mbili sio ushahidi wa kumfunga mtu. Ningekuwa sina kitu nisingenunua hapo, ningesubiri ivuke 49 na senti kumi, siku hiyo hisa ziuzwe milioni 1.2 na kuendelea. Ikivuka kwa laki 7, naiacha ipite.

BintiMgombani:
Na yeye ambaye ameshanunua?

BabuChati:
Ikishuka chini ya 44.5 mkono umekatika. Stoplosi 44.3, kwa hisa 120 anapoteza dola 324. Pengo hilo la ada alijaze mwenyewe kabla ya Novemba. Kama hawezi, auze leo.

MgeniSokoni:
Nimeuza 70 kwa 45.3, ya ada imerudi na upungufu nitauziba na mshahara. 50 nimeziacha, stoplosi 44.3. Najua utasema ningeuza zote. Leo imefunga 45.1, laki 5 na nusu.

BabuChati:
Laki 5 na nusu na imeshuka senti chache, hiyo ndiyo siku ya kwanza inayofanana na mkono. Leta namba za Jumatatu na Jumanne.

DhahabuTu:
Kwa hiyo dhahabu nisiangalie volyumu kabisa?