Aplikesheni inanakili tokeni moja, mita inataka tatu. Nimechoka!

Wakuu, nina hasira na naomba mnisome mpaka mwisho.

Nyumba ya marehemu mama iko Muheza, imefungwa tangu Juni 2024. Mwezi huu mpwa wangu kahamia. Mimi niko Dar, nikaingia kwenye aplikesheni ya malipo (siitaji jina, mtaniambia nimetumwa), nikaweka namba ya mita, jina la mama likatokea, nikalipa umeme wa 50,000. Chini ya tokeni kuna kitufe cha kunakili. Nikabonyeza, nikamtumia mpwa tarakimu 20 kwa meseji. Akaingiza, mita ikakataa. Tukasomeana kwa simu, tarakimu nne nne, ikakataa tena. Jaribio la tano mita ikagoma hata kubonyezwa.

Huduma kwa wateja: "Ndugu mteja, muamala wako umefanikiwa." Umefanikiwa wapi na mtoto yuko gizani siku ya pili? Nikanunua tena ya 5,000. Nayo imekataliwa!

Kibatari: Pole mkuu. Hiyo ya kwanza imeshaisha muda. Tokeni isipoingizwa haraka inakufa. Wadai warudishe hela.

Mama Wawili: Mimi wananikata kodi ya jengo kila mwezi 1,500 na nyumba yenyewe ni banda. Hapo kwenye 50,000 umebaki na nini?

Mleta uzi: Dada, kodi nimeiona kwenye risiti. Miezi 15, wamechukua 22,500. Nimebaki na yuniti 77 hivi. Inauma, lakini leo silii kodi, nalilia hizo 77 zenyewe haziingii.

Fundi Koleo: Mleta uzi, nyumba ilifungwa Juni 2024, kwa hiyo mita hiyo haikuhuishwa. Mita hizi zinahesabu muda wa tokeni kuanzia 1993, na hesabu hiyo ilifika kikomo tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya hapo kila mita ilitakiwa ibadilishiwe ufunguo. Anayenunua mara ya kwanza kwa mita iliyobaki nyuma anapewa seti tatu za tarakimu 20. Mbili za mwanzo hazina umeme, kazi yake ni kubadili ufunguo. Ya tatu ndiyo yuniti zako. Kitufe chako kimenakili ya tatu peke yake, na mita bado ina ufunguo wa zamani, lazima ikatae. Fungua historia ya miamala, gusa risiti yenyewe, ivute mpaka chini uone kama zimo zote.

Mleta uzi: Mungu wangu. Zimo tatu! Mbili zimeandikwa kwa herufi za sisimizi juu ya tangazo la mkopo. Sasa ile ya 5,000 mbona ilikuja moja tu?

Fundi Koleo: Kwa sababu huko kwenye mfumo mita yako imeshahesabiwa kuwa ina ufunguo mpya. Ungenunua hata mara kumi zote zingekataliwa. Wengi wanaliwa hapo: wanafuta meseji ya kwanza, wanakimbilia kununua nyingine.

Mwache mpwa aipumzishe mita kwanza, maana ukikosea mara nyingi inajifunga kwa muda. Kisha aingize seti ya kwanza, athibitishe. Asishangae yuniti zisipoongezeka. Papo hapo ya pili. Mita ikikubali, ndipo ya tatu, halafu ya 5,000. Ila kama kuna tokeni ya zamani droo ya mama ambayo haikuwahi kuingizwa, aianze hiyo, ufunguo ukibadilika inakuwa karatasi tu.

Na Kibatari, tokeni haifi kwa kukaa siku mbili.

Kibatari: Ya shemeji ilikaa na ikakataa, nilishuhudia kwa macho yangu.

Fundi Koleo: Huenda alinunua kabla ya kuhuisha, akaingiza baada ya kuhuisha. Sijaiona mita yake, siwezi kuapa.

Mleta uzi: Mrejesho. Saa 2 usiku: ya kwanza imekubali, ya pili ikakataa, nikataka kulia. Kumbe mpwa alisoma 3 mahali pa 8. Karudia, ikapita. Ya tatu imesoma yuniti 77.1, taa zinawaka. Ya 5,000 nayo imeingia.

Lakini hasira yangu iko palepale. Kwa nini kitufe kinakili moja kati ya tatu? Na yule wa huduma kwa wateja alikuwa na risiti ileile mbele yake.

Mgeni wa Kwamtoro: Ukisoma vizuri, ujumbe wenyewe wanaoutuma wenye mita ndio mbovu, aplikesheni inapokea tu.

Mleta uzi: Mbona tangazo la mkopo halikukatika?

Mama Wawili: Jamani, mpangaji wangu kahama na rimoti ya mita. Hizo seti tatu nitaziingizia wapi?