Kwa nini tunahitaji i? Mdogo wangu kanibana

Nkuhungu_Boy: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu yuko fomu faivu PCM, anasema x² + 1 = 0 haina jibu, si tuseme haina jibu basi, hiyo i, yaani √-1, ya nini? Nimemwambia ndivyo ilivyo, hakuridhika. Nahitaji jibu kabla ya kesho saa mbili.

Zabibu Kavu: Dogo ana hoja, grafu ya x² + 1 haigusi mhimili wa x na hakuna aliyelia. Kilichowabana watu ni x³ = 15x + 4. Weka 4: huku 64, kule 60 + 4. Jibu lipo, la kawaida kabisa, ila kanuni aliyoichapisha Cardano 1545 inakupa kipeuo cha tatu cha 2 + √-121, jumlisha kipeuo cha tatu cha 2 − √-121. Bombelli kwenye kitabu chake cha 1572 hakukimbia. Kwa uandishi wa leo √-121 ni 11i, na 2 + i ukiizidisha yenyewe mara tatu unapata 2 + 11i. Basi (2 + i) + (2 − i) = 4. Unapita kwenye i unatokea kwenye namba ya kawaida. Kesho saa mbili kuna nini?

Bi Area C: Abadili kombi mapema. Mimi hesabu zilinitoa machozi nikahamia HGL, leo nina duka langu.

Nkuhungu_Boy: Nisiwafiche, ni mimi nafundisha tuisheni Makulu. Jana tulichora 3 + 2i, tukazidisha kwa i mara mbili, tukafika −3 − 2i. Pembe, kikokotoo kikatoa tan⁻¹(2/3) = 33.7°, nikaandika. Kijana mmoja akasema mbona nukta iko chini kushoto, nikampa kosa. Lakini kwenye a + bi kanuni si b gawanya kwa a?

Fundi Stima: Kikizingua ongeza 180, inakuwa 213.7. Sisi wa umeme badala ya i tunaandika j.

Chai Maziwa: Mwalimu wa advansi hajui hii? Chai hii wakuu, tena ya rangi.

Nkuhungu_Boy: Mimi ni wa kemia, wa hesabu kahama.

Zabibu Kavu: Chai au si chai, kijana yuko sahihi. Ukigawanya −2 kwa −3 alama zinafutana, kikokotoo hakijui umetoka upande gani. Fundi, 180 ni kwa nukta za kushoto tu, 3 − 2i inatoa −33.7° na iko sawa, ukiongeza unaharibu. Hiyo 213.7 inaelekea kulekule ila wakitaka pembe kati ya −180 na 180 ni −146.3°. Wachore kwanza: kila ukizidisha kwa i mshale unageuka nyuzi 90 kushoto, urefu haubadiliki. 3 + 2i, halafu −2 + 3i, halafu −3 − 2i. Mara mbili umegeuka nyuma, ndiyo i² = −1 hiyo.

Nkuhungu_Boy: Nikibadili jibu si watanidharau, na madaftari nimesharudisha. Halafu hiyo −2 + 3i, minus imetoka wapi?

Zabibu Kavu: i mara 2i ni 2i², yaani −2.

Chai Maziwa: Si ulisema mlifika −3 − 2i wenyewe?

Nkuhungu_Boy: Alifika yule kijana. Mimi nilinakili ubaoni.