Akaunti ya ritani imefungwa na tarehe 20 imepita, naomba ushauri

Habari za leo wanajukwaa, shikamooni wakubwa.

Nina duka la vifaa vya ofisi Kariakoo, nimesajiliwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Ritani ya mwezi uliopita ilitakiwa tarehe 20. Nilikosea nywila mara kadhaa siku hiyo, akaunti ikajifunga. Nikibonyeza nimesahau nywila, msimbo unakwenda kwenye laini ya mhasibu wetu wa zamani, ambayo haipatikani tena. Hapo ndipo nilipokwama.

Nimesubiri siku nzima nikajaribu tena, bado. Huduma kwa wateja wameniambia nifike ofisi ya kodi ya mkoa wangu kubadilisha namba. Hesabu ziko tayari: ripoti za Z za mashine ya EFD na risiti za manunuzi. Pesa ya kodi ninayo, ila kumbukumbu namba ya malipo inatoka humohumo kwenye mfumo, na adhabu inahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu yake.

Kwa aliyepitia: mbali na cheti cha TIN, kitambulisho cha NIDA na barua, wanadai nini kingine kubadilisha namba? Na je, ofisini wanaweza kunitolea kumbukumbu namba nilipe kabla akaunti haijafunguliwa?