Kompyuta si niliyoagiza, nauli ya kuirudisha nimelipa mimi, na sasa muuzaji anasema boksi lilifika na chaja peke yake

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Niliagiza kompyuta mpakato kwa shilingi 780,000 kutoka duka moja la Kariakoo linalouza kupitia mtandao, na tangazo lake lilieleza wazi kwamba ina RAM ya GB 16. Ilipofika hapa Dodoma nikaiwasha, ikaonyesha GB 8. Siku hiyo hiyo nilimwandikia muuzaji kwenye WhatsApp, nikaambatanisha picha ya kioo cha kompyuta pamoja na picha ya tangazo lake mwenyewe. Hakubisha. Alijibu kwamba niirudishe kwa basi analotumia yeye, kwamba nauli ya mzigo ni juu yangu, na kwamba akiipokea atanirudishia fedha.

Naomba mnieleze ni kwa haki gani mtu anatuma kitu kisicho sahihi, anakiri kwamba si sahihi, kisha anamtoza mnunuzi gharama ya kurekebisha kosa hilo. Nililipa shilingi 10,000 kwa sababu fedha zangu nyingi zaidi zilikuwa mikononi mwake, wala si kwa sababu niliridhika.

Hilo la nauli ni dogo. Muuzaji sasa anadai kwamba alipofungua boksi alikuta chaja tu. Ofisi ya vifurushi ya basi inasema ilipokea boksi moja na ikakabidhi boksi moja, basi. Stakabadhi ninayo: ina jina langu, jina na simu ya mpokeaji, namba ya basi, tarehe na muhuri. Lakini katika sehemu ya maelezo ya mzigo karani aliandika "boksi 1", na katika sehemu ya thamani akapiga mstari. Kila upande unajikinga kwa karatasi hiyo hiyo, na mimi niliyeilipia hainisaidii. Nataka kujua nauli hii ni ya nani, na nitathibitishaje nilichokabidhi.

Boda Msomi: Pole sana, ndugu. Jibu ni jepesi: nauli ya kurudisha hulipwa na muuzaji daima, hata kama wewe ndiye uliyebadili mawazo, kwa sababu mteja ni mfalme. Mpeleke polisi.

Sheria Kwanza: Ndugu Boda, nusu ya maneno yako ni kweli na nusu itawaponza watu. Kwa Tanzania Bara jambo hili linaangukia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na isipolingana mnunuzi anaweza kuikataa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha kwa muuzaji, isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Kwa hiyo ujumbe wako wa siku ile ulitosha kuikataa kompyuta, na kuifuata ilikuwa kazi ya muuzaji kwa gharama zake. Dai shilingi 10,000 pamoja na bei.

Hata hivyo haki hiyo ina mipaka. Anayekaa na bidhaa muda mrefu kupita kiasi bila kusema neno, au anayeitumia kama mali yake baada ya kuona kasoro, huhesabiwa kuwa ameipokea, na hapo hubaki na dai la fidia tu. Na aliyebadili mawazo kuhusu bidhaa isiyo na kasoro hana haki ya kuirudisha chini ya sheria hiyo. Hutegemea masharti ya duka, nauli ikiwemo.

Mpwa wa Leicester: Huku Uingereza mambo ni tofauti. Chini ya kanuni za mwaka 2013, ukinunua mtandaoni una siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, ila nauli ya kurudisha ni yako, isipokuwa kama muuzaji hakukueleza hivyo mapema au alikubali kuilipa. Muuzaji anaweza kuzuia fedha mpaka apokee mzigo au umwonyeshe uthibitisho kwamba umeutuma, lolote litakalotangulia. Mimi nilirudisha viatu, nikaomba posta cheti cha kutuma, ambacho hutolewa bure kaunta, na fedha zikarudi. Kwa nini hukuomba cheti kama hicho?

Mfungua uzi: Ndugu wa Leicester, nashukuru, lakini stakabadhi ninayo na hakuna anayekana kwamba nilituma boksi. Ubishi ni kuhusu kilichokuwa ndani.

Karani Mstaafu: Nimefanya kazi ya kupokea mizigo stendi kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba nisikilizwe. "Boksi 1" ni uandishi wa karani anayekimbizana na muda wa basi, na pia humpunguzia lawama mwajiri wake, maana stakabadhi nyingi zina maandishi madogo nyuma yanayosema kampuni haitawajibika kwa mzigo ambao thamani yake haikutajwa. Anayerudisha kitu cha thamani akipeleke kikiwa wazi, akifunge mbele ya karani, na asimame hapo mpaka iandikwe: kompyuta, aina yake, namba ya mashine iliyo kwenye kibandiko cha chini, chaja, na thamani. Wakikutoza zaidi kwa kutaja thamani, lipa. Piga picha moja inayoonyesha namba ya mashine na boksi lililo wazi, na nyingine ya boksi likiwa limefungwa kwa gundi, juu ya mizani. Stakabadhi nayo ipigwe picha hapo hapo, kwa sababu ile ya mashine hufifia wino. Na kamwe usimpe kondakta mzigo mkononi. Huyo hana daftari.

Sasa nikuulize: kwenye stakabadhi yako pameandikwa uzito?

Mfungua uzi: Pameandikwa, kilo 2.6.

Karani Mstaafu: Basi si kweli kwamba karatasi hiyo haikusaidii. Chaja ya kompyuta mpakato kwa kawaida haifiki kilo moja, na boksi la karatasi ni jepesi. Boksi lililoondoka Dodoma halikuwa na chaja peke yake. Nenda ofisi ya upande wa Dar es Salaam, uombe kuona daftari la kuchukulia mizigo: nani alisaini, saa ngapi, kwa kitambulisho gani, na kama aliandika kwamba boksi lilikuwa limefunguliwa. Mpokeaji aliyesaini bila kulalamika, kisha akalalamika akiwa dukani kwake, ana maswali ya kujibu.

Boda Msomi: Lakini kilo 2.6 zinaweza kuwa tofali.

Karani Mstaafu: Zinaweza. Uzito unaonyesha kwamba kulikuwa na kitu kizito, hauonyeshi ni kitu gani. Ndiyo maana nikataja picha na namba ya mashine.

Sheria Kwanza: Ongeza kwamba muuzaji ndiye aliyechagua basi. Mimi naona kitu alichoagiza kirudi kwa msafirishaji aliyemchagua yeye kilikuwa kwenye hatari yake tangu kilipokabidhiwa, ingawa wakili wa duka atasema mnunuzi ndiye aliyefunga boksi na kulipa nauli. Hapo hakimu mmoja anaweza kuamua hivi na mwingine vile.

Mfungua uzi: Ofisi ya Dar es Salaam imenijibu kwa simu kwamba daftari haliangaliwi na mteja bila barua ya polisi. Kwa hiyo nianze polisi kwa barua hiyo, au nianze kwa kumwandikia muuzaji dai la shilingi 790,000 na kumpa muda wa kujibu?

Karani Mstaafu: Barua kwanza. Daftari likijaa hupelekwa stoo, na huko kulipata ni kazi.