Binti tuliyemuasili anarefuka ghafla: ni kufidia au ni balehe?

Mama Tumaini:
Habari zenu. Tulimuasili binti yetu akiwa na miaka 3 na urefu wa sentimita 84, pungufu kwa takriban 11 kuliko wastani wa umri huo. Mwaka wa kwanza aliongezeka 11, wa pili 8, kisha kasi ikatulia kwenye 6 kwa mwaka. Sasa ana miaka 7 na miezi 8, amefika 120, na 4 kati ya hizo amezipata katika miezi sita tu. Mume wangu anafurahi, lakini mimi nimeona matiti yameanza kuchomoza. Je, niongeze lishe ili azibe pengo lililobaki?

Babu Shamba:
Mwanangu, ongeza maziwa, mayai na dagaa. Mtoto aliyedumaa akishiba hurudisha kila alichopoteza.

Nesi Mstaafu:
Babu, kwa heshima, chakula kilifanya kazi yake miaka miwili ile ya mwanzo. Huku kurefuka kwa sasa, kukiambatana na matiti kabla ya miaka 8, kunaashiria balehe ya mapema, na homoni zinazomrefusha leo ndizo zitakazofunga ncha za mifupa yake kabla ya wakati. Wasichana wa Kihindi walioasiliwa Uswidi walifuatiliwa hadi utu uzima: nusu yao walikuwa wamevunja ungo kufikia miaka 11.6, na urefu wao wa mwisho ulikuwa wastani wa sentimita 154. Waliofika wakiwa wamedumaa sana, kisha wakafidia kwa kasi, ndio waliotangulia kubalehe. Mama, mwone daktari wa homoni za watoto, naye ataagiza eksirei ya kiganja cha kushoto ili aone mifupa imekomaa kiasi gani. Wakati mwingine matiti huchomoza kisha yakatulia, lakini kasi ya urefu wake inanifanya nisishauri kungoja. Ikithibitika, ipo sindano ya kusimamisha balehe, nayo husaidia zaidi mifupa ikiwa bado ina nafasi ya kukua.

Baba Juma:
Wangu alikuja akiwa na miezi 7, leo ana miaka 15 na amenipita kimo. Msihangaike.

Nesi Mstaafu:
Baba Juma, wako aliokolewa mapema mno, tena ni mvulana. Huyu alikaa na njaa miaka mitatu.

Mama Tumaini:
Nimesahau jambo moja: tarehe yake ya kuzaliwa ilikadiriwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Huenda ana miaka 9.

Nesi Mstaafu:
Kama ana 9, balehe hii ni ya kawaida, ila pia ina maana kwamba alidumaa zaidi ya tulivyodhani na miaka ya kukua iliyobaki ni michache. Eksirei haitakupa tarehe ya kuzaliwa. Mweleze daktari alipoota magego ya kwanza ya utu uzima, ambayo kwa kawaida hutoka karibu na miaka 6.

Mama Tumaini:
Yalitoka mwaka juzi, kabla ya Krismasi. Miadi ni Alhamisi, nami nitabeba daftari lote la vipimo.