Kampuni inataka barua ya chuo kwanza, chuo kinataka muhuri wa kampuni kwanza. Sasa nani aanze??

umeme_kondele
Wadau naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Niko mwaka wa nne, injinia ya umeme, chuo sitataja kwa sababu bado nataka kumaliza huko. Nafasi ya atachimenti nilijitafutia mwenyewe hapa Kisumu, kiwanda kimoja, injinia wao akaniambia poa, tutakuchukua Jumatatu tarehe 4 Mei, leta tu barua ya chuo na karatasi ya bima. Hio "tu" ndio imenimaliza.

Dipatimenti ikanipea ile barua ya kila mtu, ya "kwa yeyote anayehusika". Afisa wa wafanyikazi pale kiwandani hata hakumaliza kuisoma. Anataka barua yenye jina la kiwanda, majina yangu vile yako kwa kitambulisho, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na muhuri wa wino, si picha ya muhuri. Nikarudi dipatimenti. Wanasema barua ya jina la kampuni hatuandiki mpaka ulete fomu ya kukubaliwa imepigwa muhuri na hio kampuni. Kampuni inasema hatupigi muhuri chochote kabla hatujaona barua. Jameni!

Halafu bima. Chuo hukatia watu bima kwa orodha, orodha inatoka kwa potali, na potali haikuachi upite kama sehemu ya supavaisa wa kampuni iko wazi: jina, cheo, simu, na fomu yake ikiwa na sahihi. Kiwanda kinasema supavaisa utapewa siku ya kuripoti, baada ya mafunzo ya usalama, kwa sababu saa hii hawajui kama utakuwa upande wa mota, paneli au boila. Sasa nitapata wapi sahihi ya mtu ambaye hata mwenyewe hajui atakuwa supavaisa wangu?

Na potali inafungwa Ijumaa hii tarehe 1 Mei, ambayo ni Leba Dei, ofisi zote zimefungwa, kwa hivyo mwisho ni Alhamisi. Leo nimesimama mbele ya dawati nauona muhuri kabisa, uko ndani ya kabati ya kioo na ile padi yake ya wino wa zambarau, sekretari ananiambia ufunguo uko na mkubwa na mkubwa ameenda semina. Muhuri uko hapa, wino uko hapa, mimi niko hapa!!

kibarua_wa_obunga
Omera usisumbuke, enda NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wako na kituo hapo Kisumu, watakuandikia barua chuo kikae kando. Kampuni haiwezi kukataa kwa sababu inalipa levi ya shilingi 50 kwa kila mfanyikazi kila mwezi, so lazima wachukue wanafunzi, ni sheria.

mwalimu_wa_bungoma
Nyinyi watu wa viwanda mnateseka bure. Mimi nilienda kufunza shule fulani huku Bungoma, prinsipo alisaini fomu zote akiwa amesimama kwa geti, nikapewa chaki siku hio hio. Kwani huko mnalipwa pesa ngapi mpaka wawe wakali hivyo?

umeme_kondele
Mwalimu silipwi hata ya bodaboda, na si hio nimeuliza.

mama_faili
Mimi nimekaa ofisi ya wafanyikazi kiwandani miaka mingi, hao watoto wa atachimenti nilikuwa nawapokea mimi, wacha niseme.

Kibarua, levi ya 50 ni kweli, lakini kulipa levi si kulazimishwa kumchukua mtu fulani. NITA wanaweza kumsaidia mtu kupata nafasi, lakini huyu nafasi tayari anayo. Kitu anakosa ni mtu wa kusema "huyu ni mwanafunzi wetu, mwaka wa nne, na tumemkatia bima", na hakuna mwenye anaweza kusema hivyo isipokuwa chuo chake.

Mwanangu, huyo afisa hakuchukii. Sheria ya fidia ya mwaka wa 2007 inamlinda mwajiriwa, hata mwanagenzi mwenye mkataba imemtaja. Wewe wa wiki 12 bila mkataba na bila mshahara unabaki hapo katikati, na hakuna kiwanda kinataka kuwa cha kwanza kuenda kortini kujua uko upande gani siku stima imekurusha. Ndio maana bima inaangaliwa kuliko hata barua yenyewe.

Sasa fanya hivi. Usiwaombe wakujazie fomu ya kukubaliwa. Omba barua ya masharti, mistari mitatu tu: tuko tayari kumpokea fulani kuanzia tarehe hii mpaka hii, kitengo cha matengenezo, kwa sharti alete barua ya chuo na uthibitisho wa bima kabla ya kuripoti. Hio wataipiga muhuri kwa sababu haiwafungi. Dipatimenti nyingi hukubali hio ianze, ile fomu yao utajaza baadaye.

Kwa supavaisa, weka mkuu wa matengenezo. Hio fomu kazi yake ni lekchara ajue aje wapi kukukagua na apigie nani simu. Ukishapewa mtu wako, wiki ya kwanza peleka fomu ya kubadilisha jina. Usipopeleka, logbuku itasainiwa na Otieno na potali inasema Wafula, na mkaguzi atakuuliza wewe, si Wafula.

njoro_kavu
Mimi barua yangu ilizuiliwa juu ya salio la karo, hata hayo mambo ya muhuri sikufika. Huku Njoro tuko wengi hivyo. Mkopo ukichelewa na atachimenti inachelewa.

umeme_kondele
Mama faili ubarikiwe. Jumatano: barua ya masharti nimepata, mkuu wa matengenezo amekubali jina lake liingie na akasaini bila shida, potali imepita. Mkubwa amerudi semina, barua ya jina la kiwanda imetoka.

LAKINI. Nimeisoma nikiwa kwa matatu ndio naona imeandikwa 11 Mei mpaka 31 Julai, ati ndio kalenda ya chuo. Kiwanda kilisema 4 Mei mpaka 24 Julai. Wiki ni 12 huku na 12 kule lakini haziingiani, na bima inafuata tarehe ya chuo. Mafunzo ya usalama ni hio Jumatatu ya tarehe 4, wanafunzi wote pamoja, hayarudiwi.

kibarua_wa_obunga
Wewe ingia tu tarehe 4, wiki moja nani ataangalia. Utaenda kuchora saketi kwa karatasi.

mama_faili
Wataangalia getini. Na hata ukipita, hio wiki hauna bima, na logbuku itaanza kabla ya tarehe ya barua, kuna wakaguzi wa kuikata wabaki wakihesabu 11. Rudi kesho na barua ya masharti mkononi, waonyeshe tarehe, waandike upya. Wakikataa kalenda, mpigie injinia umuombe ufanyiwe mafunzo peke yako tarehe 11. Kwetu ilikuwa inafanyika, kwao sijui.

umeme_kondele
Kesho ni Alhamisi. Niko stendi saa kumi na moja asubuhi, na sekretari ameniambia mkubwa ana mkutano mpaka saa sita.

njoro_kavu
Uliza huo mkutano uko jengo gani, umngojee mlangoni.